Sauti za Picha Bubu

Wahenga walituusia kwamba majuto ni mjukuu. Nami, mjukuu hasa, niliyaonja. Mwaka wa 2019 nilimpiga bibi yangu picha za video akikuna nazi uani kwake, Kilifi, nikasahau kuwasha kipaza sauti. Mwaka uliofuata akafariki. Nikabaki na sekunde 40 za picha bubu: bibi anatoka mlangoni kwa ndara, anaketi juu ya mbuzi, anakuna, kisha anainua uso na kunena neno.

Niliazimia kuzitia sauti kwa mkono, kazi ambayo watengenezaji filamu huiita kwa jina la Mmarekani Jack Foley, aliyeifanya katika studio za Universal.

Nilianza na sauti ya mazingira, kwani huo ndio mkeka ambao sauti nyingine hukalia. Niliinasa uani kwa dakika mbili mfululizo, bila mtu kusema. Sauti hii haikatwi pale picha inapokatwa. Hupita chini ya picha zote, la sivyo kila mkato husikika. Kosa langu lilikuwa kuinasa usiku. Mama alipotazama aliuliza, "Mwanangu, nyenje hawa wanalia jua la utosi?" Nikarudi adhuhuri, nikapata kunguru na upepo wa minazi.

Hatua nilizifanya kwa kuvaa ndara za bibi mwenyewe. Mwanzoni zilisikika za kijana; ikanibidi niburute kisigino na kuchelewesha mguu wa kushoto, kama alivyotembea yeye.

Mkuno ndio ulionitaabisha. Nilikuna nazi chumbani, kwa mbuzi yule yule, lakini sauti haikuaminika: kuta ziliirudisha, ilhali bibi alikuwa nje. Nikakuna upya uani alfajiri, palipokuwa kimya, kipaza sauti kikiwa mbali nami kiasi cha kamera ilivyokuwa mbali naye. Kisha, kwa kuwa video hiyo ina fremu 25 kwa sekunde, nilisogeza kila mkuno hadi ukaanzia kwenye fremu ambayo kizio kinagusa meno ya mbuzi. Sauti ikichelewa fremu moja, mtazamaji husamehe. Ikitangulia, hushtuka upesi, kwani duniani kishindo hakitangulii pigo.

Likabaki lile neno. Mama alipendekeza shangazi, ambaye sauti yake yafanana na ya bibi, alitamke. Nilikataa. Mkuno waweza kufanywa na mkono wowote, bali neno lina mwenyewe, nami silikumbuki tena. Niliiacha midomo ya bibi icheze kimya, kunguru na upepo vikiendelea chini yake, na mwishoni nikaandika: "Sauti zimeongezwa."

Mama ameitazama mara nyingi. Kila afikapo pale, huinama karibu na kioo.