Ile Nyeusi Kwa Bangili Yako Si Uchafu

Wasee, juzi kidogo tu niuze bangili ya nyanya yangu kwa mia tano.

Ni bangili ya fedha. Alichongewa na sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, akiwa bado msichana, na ina maua madogo kuizunguka yote. Alipofariki, mathe akanipa mimi. Na mimi, kwa akili zangu, nikaifunga na mikufu yangu mingine kwa rababendi, nikatupa kwa droo, nikasahau miaka miwili.

Mwezi huu renti imenibana. Nikaitoa. Ilikuwa nyeusi tititi, na pale rababendi ilikuwa imeishika kulikuwa na mstari mweusi zaidi, kama imepigwa na kalamu. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja wa vito huku tao. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Hii ni feki. Fedha ya ukweli haigeuki nyeusi. Lakini kwa vile ni wewe, nitakupa mia tano."

Sikumuuzia, lakini nilimwamini. Nilirudi keja na hasira, nikachukua dawa ya meno na ile waya ya kuoshea sufuria, nikaanza kusugua. Upande mmoja ukang'aa kabisa. Halafu nikaangalia vizuri: maua ya upande huo yalikuwa yamefifia. Petali zingine hazikuonekana kabisa. Nikaacha hapo hapo.

Sasa, mimi ni yule msee aliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi profesa. Lakini hii kitu iko kwa kemia ya fomu foo, na nilikuwa nimeisoma nikapita mtihani bila kujua inanihusu.

Ile nyeusi si vumbi wala si jasho limekauka. Ni fedha yenyewe imeshikana na salfa. Kwa hewa kuna gesi kidogo sana inaitwa haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai bovu. Inatoka kwa mitaro ya maji taka, vyoo, na hata mayai yenyewe. Raba nayo hutengenezwa na salfa ndani yake, ndiyo maana rababendi yangu iliacha mstari. Salfa ikikutana na fedha, kila atomu ya fedha inapoteza elektroni moja, na inatokea kitu kipya cheusi, Ag2S. Kwa hivyo jamaa wa vito aliniambia kinyume. Fedha ya ukweli hugeuka nyeusi. Stili haigeuki hivyo.

Sasa sikia hii, ndiyo iliniuma. Ukichukua gramu 100 za hiyo nyeusi, karibu gramu 87 ni fedha. Yaani ukisugua ukaitoa, hujatoa uchafu, umetoa bangili. Ile maji nyeusi nilimwaga kwa sinki ilikuwa na maua ya nyanya ndani.

Njia ya foili ni tofauti kwa sababu haitoi nyeusi, inairudisha kuwa fedha. Nilifanya hivi. Nilichukua bakuli ya glasi, nikatandika foili chini, ule upande unang'aa ama ule mwingine, haina tofauti. Nikaweka bangili juu, nikahakikisha imegusa foili. Nikaongeza kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda (si bekingi pauda), halafu kikombe cha maji ya moto sana, yametoka tu kuchemka. Mapovu yakaanza mara moja. Nilikuwa nimefungua dirisha, na poa nilifanya hivyo, kwa sababu baada ya dakika moja hivi harufu ya yai bovu ilinifikia. Hiyo harufu ni habari njema. Ni salfa inaondoka.

Kile kinatendeka pale ndani ni redoksi, yaani elektroni zinahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Fedha yako ina deni: kila atomu imekosa elektroni moja. Alumini ya foili inatoa elektroni kwa urahisi kuliko fedha, na atomu yake moja hutoa tatu. Kwa hivyo alumini moja inalipia fedha tatu. Fedha ikipata elektroni yake, inaachana na salfa na kubaki pale pale kwa bangili ikiwa metali tena. Alumini ndiyo inaliwa. Ukitoa foili utaona imefifia na ina madoa.

Mbona bekingi soda basi? Alumini huwa imevaa koti nyembamba ya oksidi inayoikinga. Maji ya moto yenye soda yanadhoofisha hiyo koti, ndio alumini iguse maji na ianze kazi. Pia soda inasaidia maji kupitisha chaji, kama ndani ya betri. Na kama kwa betri, waya isipogusa hakuna kitu. Mara ya kwanza bangili yangu iligusa foili kwa sehemu ndogo tu na ikabaki na mabaka. Nikamwaga, nikaweka foili mpya na maji mapya ya moto, nikaifunika foili pande zote. Dakika tano, nikaisuuza, nikaikausha na kitambaa laini. Ikatoka nyeupe iliyofifia kidogo, nikaipangusa polepole ikaanza kung'aa.

Kabla ukimbie jikoni, kuna vitu usiweke. Lulu na vito vilivyobandikwa kwa gundi usitumbukize, maji ya moto yataviharibu. Kama pete yako imetiwa weusi makusudi ndani ya michoro ili ionekane, hiyo weusi nayo itaondoka, kwa hivyo uache. Na kama ni shaba iliyopakwa fedha tu, na fedha imeisha, utaona rangi ya shaba chini na hakuna foili itairudisha. Muhuri wa 925 ndani unamaanisha sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, lakini kazi za masonara wa zamani mara nyingi hazina muhuri. Ya nyanya haina.

Sufuria ya alumini pia inaweza kufanya kazi ya foili, lakini itabaki na madoa, kwa hivyo usitumie ile ya ugali.

Nilimpigia mathe videokoli nikamwonyesha. Akanyamaza, akasema, "Hivyo ndivyo ilikuwa nikiwa mdogo." Halafu nikaigeuza bila kufikiria, akaona ule upande mwingine.

"Na haya maua yalienda wapi?"

Nikamwambia ukweli. Foili inarudisha fedha ambayo bado iko kwa bangili. Ile nilisugua iko kwa mtaro huko nje, na hiyo hairudi.

Sasa bangili iko kwa mfuko wa plastiki wenye zipu, nimekamua hewa yote, hakuna raba karibu. Renti bado sijamaliza kulipa. Lakini hiyo tutaongea na landilodi, bangili haitoki.