Wacha Kuuliza "Sentimita Ngapi" Pekee

"Sentimita ngapi?" Hilo swali liliulizwa kwa grupu ya familia kutoka asubuhi mpaka usiku siku dada yangu alipokuwa leba. Mimi ndiye nilikuwa naye wodini, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa ripota. Saa moja asubuhi nikaandika tatu. Saa tano nikaandika nne. Saa tisa mchana nikaandika tano, na hapo ndipo moto ukawaka.

Masaa nane, sentimita mbili! Shangazi akasema hapo hakuna kazi inafanyika. Mjomba akaanza kutafuta gari tumhamishe hospitali ingine. Mamangu akanipigia akilia. Kusema ukweli hata mimi niliingiwa na baridi, nikamfuata nesi mkunga kwa meza yake nikiwa nimekunja uso. Sista hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Na kichwa cha mtoto kiko wapi, unajua?"

Sikujua. Hata sikujua ni kitu kinapimwa. Na naamini wengi wenu mnaosoma hii hamjui, hata wale mna watoto.

Akanieleza hivi. Kuzaa kuna hatua tatu. Ya kwanza ni mlango wa kizazi kufunguka, ya pili ni mtoto kutoka, ya tatu ni kondo la nyuma kutoka. Hiyo ya kwanza ndiyo ndefu, na yenyewe imegawanyika mara mbili. Mwanzoni mlango wa kizazi ni mnene na mgumu, ukiugusa ni kama ncha ya pua. Uchungu wa kwanza kazi yake kubwa ni kuulainisha na kuufanya mwembamba, kwa hivyo unaweza kukaa masaa mengi sana ukiona namba haisongi. Si ati hakuna kinachoendelea. Shirika la Afya Duniani, tangu 2018, linahesabu kwamba mwendo wa kasi unaanza kwa sentimita 5, na kutoka hapo mama wa mtoto wa kwanza kwa kawaida hapiti masaa 12. Ile sheria ya zamani ya sentimita moja kila saa haifai kumhukumu kila mwanamke.

Maana yake? Wakati sisi tulikuwa tunatafuta gari saa tisa mchana, dada yangu ndiyo alikuwa anaanza safari yenyewe. Yale masaa nane yalikuwa kupasha injini moto.

Halafu hizo sentimita hazipimwi na rula. Mkunga anaingiza vidole viwili, anavitanua mpaka kingo za mlango, anakadiria nafasi iliyo katikati. Wakunga wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa sentimita moja na hakuna aliyedanganya. Ukifika 10, kingo hazishikiki tena.

Sasa kichwa. Hicho kinapimwa kwa kushika tumbo, hapo chini juu ya mfupa wa kinena. Kichwa chote kikiwa bado juu ya nyonga, upana wake unaenea vidole vitano. Kadiri kinavyoingia ndani ya nyonga, vidole vinavyokishika huku juu vinapungua. Kwa hivyo hii namba inaenda kinyume na ile ingine: sentimita zinapanda, vidole vinashuka. Vikibaki viwili au chini, sehemu pana ya kichwa imeshapita lango la nyonga.

Sista akanionyesha chati. Sentimita zinaandikwa kwa alama ya X, kichwa kwa duara, yote kwa karatasi moja ili uone kama zinatembea pamoja. Za dada yangu zilisoma hivi: asubuhi sentimita 3, vidole 4. Saa tano, 4 na vidole 4. Saa tisa, 5 na vidole 3. Kichwa kilikuwa kimeanza kushuka, na mapigo ya moyo wa mtoto, yaliyokuwa yakisikilizwa kila nusu saa, yalikuwa kati ya 110 na 160 kama inavyotakiwa. "Huyu anaendelea vizuri," akasema. "Mwache atembee, apewe maji."

Nikauliza, basi mbaya inakaaje? Jibu lake ndilo limenifanya niandike hii. Akasema mwanamke anaweza kuwa na sentimita 8, nyinyi huko nje mnashangilia, lakini baada ya masaa manne bado ni 8, na kwa tumbo kichwa bado kinashikika vidole vinne. Hapo kuna shida. Inaweza kuwa kichwa kimekaa vibaya, au nyonga haikitoshi.

Na kuna mtego. Kichwa kikisukumwa muda mrefu bila kupita, ngozi ya juu inavimba na mifupa laini ya fuvu inapandana. Mkunga akipima kwa ndani anagusa huo uvimbe chini kabisa, anaweza kudhani mtoto amefika, kumbe kichwa chenyewe bado kiko juu. Ndiyo maana tumbo lazima lishikwe kwanza kabla ya kuingiza vidole. Mama kama huyo daktari anaitwa mapema, na mara nyingi safari ni ya thieta.

Saa moja jioni dada alikuwa 8, vidole 2. Akaanza kusema anataka kusukuma. Shangazi, ambaye alikuwa amefika, akamwambia "sukuma mwanangu!" Sista akakataa kabisa, akamwambia apumue kwa mdomo, pumzi fupi fupi. Ukisukuma kabla ya 10, kichwa kinakandamiza mlango ambao haujaisha kufunguka, unaweza kuvimba au kuchanika, na mama anamaliza nguvu bure.

Saa tatu na nusu usiku: 10, kidole 1. Hatua ya pili. Kwa mtoto wa kwanza inaweza kuchukua mpaka masaa matatu. Yeye alichukua dakika 55. Msichana, akalia mara moja.

Sisi tukaanza kupiga picha, na hapo tena tukakosea, kwa sababu tulidhani imeisha. Sista alikuwa ameshamdunga sindano ya pajani ya kusaidia kizazi kukaza, akingoja hatua ya tatu. Kondo likatoka baada ya dakika nane, akaligeuza huku na huku kuhakikisha hakuna kipande kimebaki ndani, kisha akaendelea kushika tumbo kuona kama kizazi kimekuwa kigumu. Kikibaki laini, damu inamwagika, na damu ndiyo inaua kina mama baada ya kila mtu kushapongezana.

Mimi si mkunga, na siandiki hii ndio uende wodini kubishana na manesi. Ninaandika kwa sababu karibu tumtoe dada yangu hospitalini, akiwa na sentimita 5, tumpandishe gari kwa jam ya jioni, kwa ajili ya namba moja ambayo hatukuielewa.

Kwa hivyo ukiwa wewe ndiye ripota wa familia, uliza mambo matatu baada ya kila kipimo: mlango umefunguka kiasi gani, kichwa kimebaki vidole vingapi, na moyo wa mtoto uko aje. Kama mlango na kichwa vyote vimesimama tangu kipimo cha mwisho, uliza kwa heshima ni nini kinafuata. Kama kimoja kinasonga na moyo uko sawa, zima simu ya mjomba, mshike dada yako mgongo.