Maalim Apewe Mistari Mingapi?

Binti wa dada yangu alinijia Alkhamisi moja baada ya Alasiri, mkononi ana karatasi mbili zilizokunjwa na machoni ana wasiwasi. Alikuwa akiomba ufadhili wa kusomea stashahada ya famasia, na fomu ilimtaka aandike insha ya maneno yasiyozidi 500, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, aeleze amefanya nini katika jamii yake na kwa nini anataka masomo hayo. Alichagua Kiswahili. Akaniambia, "Mama mdogo, nisomee, lakini usinionee haya."

Nilisoma mara moja, nikaiweka chini, nikamwuliza: "Huyu anayeomba ufadhili ni wewe au ni Maalim?"

Maalim ni mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye kwa miaka mingi amewafundisha wanawake watu wazima kusoma na kuandika, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, kila Jumamosi asubuhi. Binti yetu alianza kumsaidia akiwa kidato cha pili. Insha yake ilikuwa na maneno 487, na 300 na zaidi yalikuwa ya Maalim: alivyofiwa na mumewe akiwa bado kijana, alivyokaa eda na watoto wadogo, alivyouza mahamri na mbaazi hata akamaliza deni la nyumba, alivyoanza darasa na wanawake watatu na mkeka mmoja. Kwa hakika ilikuwa hadithi nzuri, nami ilinitoa machozi. Mwandishi mwenyewe alitokea karibu na mwisho, akisema kwamba alivutiwa mno na anatamani kuwa kama yeye.

Nimekaa misimu kadhaa katika kamati ndogo ya kusoma maombi ya namna hii, najua yanavyosomwa. Majalada huwa mengi, na insha moja hupata dakika chache. Baadaye watu wanapokaa kujadiliana, kila mwombaji huitwa kwa lile lililobaki kichwani: "yule aliyetengeneza tangi la maji", "yule wa kuku". Nakumbuka kijana mmoja tuliyemwita "yule wa sheikh". Jina la sheikh wake tulilijua, vitabu alivyosomesha tulivijua, hata safari zake. Ilipofika zamu ya kusema kijana mwenyewe amefanya nini, hakuna aliyeweza kujibu, na jalada likafungwa. Huenda alikuwa amefanya makubwa. Hakutuambia.

Basi nilimpa binti kalamu mbili, nyekundu na buluu, nikamwambia asianze kufuta kitu. Apige mstari mwekundu chini ya kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni Maalim, na wa buluu chini ya kila kitenzi chake yeye. Lugha yetu inarahisisha kazi hii, maana mtendaji amebebwa mwanzoni mwa kitenzi: *ali-* ni wake Maalim, *nili-* ni wako. Alihesabu nyekundu 23 na buluu 6.

Kisha tukazitazama zile sita, na hapo ndipo palipokuwa na jambo. Nne zilikuwa *nilivutiwa*, *nilifurahi*, *niliguswa* na *nilitamani*. Hayo ni ya moyoni. Hakuna mtu aliyepata faida kwa sababu yeye aliguswa. Ya tano ilikuwa *nilifundishwa*, ambayo kwa sura ni *nili-* lakini aliyefanya kazi ni mwingine. Ya sita ilikuwa *nilisaidia*, bila kusema alisaidia nini. Palikuwa pia na *tuli-* tatu, na *tuli-* ni shela pana: humo ndani hujui nani amesimama mbele na nani amejificha nyuma.

"Hiyo *nilisaidia*," nikamwambia, "ifungue."

Ilichukua muda, kwa kuwa binti aliyelelewa kwa adabu huona kujitaja ni kujisifu, na mwisho wake riya. Lakini alipoanza kusimulia hakunyamaza. Wanawake wengi wa darasani walikuja na bahasha za dawa kutoka zahanati wasomewe. Juu ya bahasha huandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mama mmoja alielewa ni vidonge vitatu kwa mara moja. Mwingine alielewa ni kimoja kwa siku tatu. Binti alikata kadi za karatasi ngumu, akachora dirisha la alfajiri, jua la adhuhuri na taa ya isha, akawafundisha kuoanisha alama ya bahasha na nyakati za swala wanazozijua bila saa. Kisha akaingiwa na shaka: kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri ni kama saa saba, na kutoka Isha hadi Alfajiri inayofuata ni zaidi ya tisa. Akaenda kumwuliza mfamasia wa zahanati. Akaambiwa kwamba kwa dawa nyingi za kawaida tofauti hiyo haina madhara, lakini zimo dawa zinazotaka saa maalumu, na hizo mgonjwa aulize pale pale dirishani. Akaongeza kadi ya nne, nyekundu, isiyo na picha ila alama ya kuuliza. Wanawake 11 walimaliza mafunzo hayo kabla yeye hajafanya mtihani wa kidato cha nne.

Yote haya hayakuwamo katika ile insha, hata neno moja.

Aliporudi Jumamosi alikuwa na insha mpya, na safari hii alikuwa amemfuta Maalim kabisa. Ilisomeka kana kwamba darasa aliliasisi yeye, kwenye chumba kisicho na mwenyewe. Nilimrudishia kwa haraka zaidi kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilimnyima haki yake. Hii ilimnyima mtu mwingine haki yake, na pia ilikuwa karibu na uongo. Msomaji makini huingiwa na shaka anapoona msichana wa miaka 16 amekusanya wanawake watu wazima kwa amri yake mwenyewe.

Nilimkumbusha jambo alilolisoma madrasa. Hadithi ina sanad na ina matini. Sanad humtaja kila mpokezi kwa jina lake, tena hairukwi, kwa kuwa bila hiyo maneno hayana mzazi. Lakini sanad haisimulii maisha ya wapokezi. Maisha yao yana vitabu vyake, na wanaotaka kuyajua huyatafuta huko. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyokulia hapa pwani, alisoma kwa Imamu Malik mjini Madina, na katika kitabu chake *Al-Umm* humtaja mara kwa mara kwa maneno mafupi ya kuwa ndiye aliyempasha habari. Kisha huendelea na hoja yake mwenyewe, na pengine humkhalifu mwalimu wake kwa heshima.

"Na vitabu vya maisha ya Maalim viko wapi?" akauliza.

Swali zuri. Fomu ile ilitaka pia barua ya mdhamini, na mdhamini ni Maalim mwenyewe. Humo atajitambulisha kuwa ni nani na amefundisha miaka mingapi, kisha atasema anavyomjua binti. Kwa hivyo insha ikimsifu Maalim na barua ikamsifu binti, kamati itasoma sifa za kila mmoja kwa ulimi wa mwenzake, na kazi yenyewe haitasimuliwa na yeyote.

Insha ya tatu tuliiandika kwa kipimo kimoja: kila sentensi ya Maalim ifuatwe mara moja na jambo alilolifanya binti kwa sababu yake. Sentensi isiyoweza kufuatwa hivyo, hata ikiwa tamu namna gani, iondoke. Mahamri yakaondoka. Mkeka ukaondoka. Zilibaki sentensi tatu. Ya kwanza ilisema darasa ni la nani na lilikuwapo kabla yake. Ya pili ilibeba neno moja la Maalim. Binti alipokuwa akiwasomea wanawake bahasha zao, mama yule alimwambia: "Usiwasomee, wafundishe. Kesho hutakuwapo." Baada ya hapo zilifuata kadi, mfamasia na wale wanawake 11, zote kwa *nili-* za kazi: *nilikata*, *nilichora*, *niliuliza*, *nilirekebisha*. Ya tatu ilieleza kwamba binti aliomba bahasha za dawa zitumike darasani badala ya kile kitabu cha zamani cha kusomea, na Maalim akamruhusu Jumamosi moja ya kila mwezi.

Jumla maneno 472, ya Maalim hayafiki 60. Hata hivyo alionekana wazi kuliko katika yale 300.

Binti hakuridhika. Alilia, akasema anahisi amemtoa mwalimu wake sebuleni na kumkalisha ukumbini. Tumefunzwa tangu utotoni kwamba asiyewashukuru watu ana upungufu katika kumshukuru Mola wake. Nikamwambia shukurani haipimwi kwa idadi ya maneno, lakini kwa kuwa mwenye haki yu hai na nyumba yake haiko mbali, tukamwulize. Tukabeba insha zote mbili, ya kwanza na ya tatu.

Maalim alivaa miwani, akaanza na ile ndefu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye habari za eda, kidole kilisimama.

"Haya nani amekupa ruhusa ya kuyaandika?"

Binti aliinamisha kichwa. Maalim hakupandisha sauti. Alisema deni lile lilikuwa na upande wa pili, kwamba wamo jamaa wa marehemu mumewe ambao mpaka leo hawapendi litajwe, na kwamba siku zile alizozipitisha na wanawe wadogo amezisitiri kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa zimewekwa kwenye karatasi ya kusomwa na wanaume asiowajua. Nakiri kwamba hilo mimi pia sikuliona. Nilikuwa nikihesabu maneno yaliyopotea kwa binti; sikufikiria kwamba yalikuwa ya mtu.

Akaikunja karatasi ile mara nne na kuitia chini ya mto. Akachukua ya pili. Aliimaliza, akarudi nyuma kidogo, akaomba kalamu.

"Hapa umeniogopa," akasema. "Umeandika nilikuruhusu. Mimi nilikukatalia. Nilikukatalia wiki sita, nikisema bahasha si kitabu. Ukaja na yule mama aliyekuwa akimeza vitatu kwa mara moja, ukamkalisha mbele yangu akasoma mwenyewe. Hapo ndipo nikakubali. Iandike hivyo."

Binti aliandika hapo hapo, magotini, huku Maalim akienda kututilia chai. Insha ikafika maneno 496.