Slaidi 42, ukurasa mmoja na swali la Mama

Najua nimeadimika. Wengi mlinipigia simu kunipongeza baada ya kutetea tasnifu yangu, mkaniuliza nakuja lini na joho, nami nikawajibu kuwa bado nina kikaratasi kidogo cha kumalizia. Jamani, kikaratasi hicho kimenitoa jasho siku tisa. Utetezi wenyewe ulichukua saa mbili.

Iko hivi. Wafadhili walionilipia utafiti hapa Marekani hawana muda wa kusoma tasnifu nzima. Mkataba wao unadai vitu viwili: ikisiri ya maneno yasiyozidi 250 kwa ajili ya wataalamu, na muhtasari wa lugha nyepesi wa maneno yasiyozidi 300 ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuuelewa. Bila hivyo awamu ya mwisho ya fedha haitoki, na tiketi yangu ya kurudi nyumbani imo humo humo. Nikaona ni kazi ya jioni moja. Slaidi 42 za utetezi ninazo, nitanyofoa hapa na pale, nitabandika, basi.

Kwa wasiojua nilichokuwa nafanya maabara miaka yote hii: nilikuwa nafuga fukusi. Wale wale wanaotoboa mahindi ya Mama kule Songea. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi nyumbani wanaiita kinga njaa, huwaua bila dawa. Wadudu wanapumua, hewa ya oksijeni ndani ya mfuko inashuka kutoka asilimia 21 ya kawaida, na ikifika chini ya asilimia 5 hivi wanaacha kula na mwishowe wanakufa. Hilo lilishajulikana. Mimi niliuliza jambo dogo tu: je, mtu akiufungua mfuko mara kwa mara ili apate unga wa ugali? Nikaweka mahindi na fukusi 50 katika kila chombo, vyombo 24. Vinane sikuvifungua kabisa kwa siku 90, vinane nilivifungua mara moja kwa wiki, na vinane kila siku.

Sasa tazameni slaidi yangu ya 19, ile niliyoiringia kuliko zote. Ilikuwa na mchoro mmoja na mstari huu:

```
O2 ↓  →  vifo vya fukusi ↑
```

Mbele ya jopo mstari huo ulitosha, maana nilisimama pale nikauelezea kwa mdomo. Lakini nilipotaka kuuweka katika ikisiri, niligundua kuwa mshale si kitenzi. Sentensi inataka kitenzi. Nikaandika, "Kushuka kwa oksijeni kulisababisha vifo vya fukusi." Profesa wangu msimamizi akapigia mstari neno moja, "kulisababisha," akaandika pembeni: umejuaje?

Nilikasirika, kisha nikakaa kitako nikawaza. Kila nilipofungua chombo, hewa mpya iliingia, kweli, lakini unyevu na joto navyo vilibadilika. Sikuwahi kuchukua vyombo vingine nikapunguza oksijeni peke yake huku mengine yote yakibaki vile vile. Wengine wameshalionyesha hilo, lakini jaribio langu halikulionyesha. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba vyombo vilivyofunguliwa mara nyingi zaidi vilibaki na oksijeni nyingi zaidi na fukusi hai wengi zaidi. Sentensi ikageuka: "Kadiri chombo kilivyofunguliwa mara nyingi, ndivyo oksijeni na idadi ya fukusi hai vilivyokuwa juu zaidi." Ni ndefu kidogo na haina mbwembwe, lakini hakuna atakayenishika shati kwa sababu yake. Baada ya hapo nikazipitia slaidi zote nikitafuta mishale. Nilikuta 11, na kila mmoja ulikuwa umeficha dai ambalo sikuwahi kulazimika kulisema kwa ukamilifu.

Mtego wa pili ulikuwa slaidi ya 27. Mahindi ya vyombo vilivyofunguliwa kila wiki yalipoteza uzito kuliko ya vile vilivyofungwa moja kwa moja, nami nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu "tofauti kubwa, p < 0.05." Wataalamu wanajua kuwa alama hiyo haipimi ukubwa. Inasema tu kwamba kama kufungua kusingekuwa na athari yoyote, tofauti kama ile isingetokea mara kwa mara kwa bahati. Msomaji wa kawaida akisoma "kubwa" atafikiri nusu gunia limeliwa. Tofauti yenyewe ilikuwa asilimia 0.4. Nikapiga hesabu: kwenye gunia la kilo 100 hiyo ni gramu 400, mboga tu ya siku moja. Basi katika ikisiri nikaacha asilimia na idadi ya vyombo, na katika muhtasari nikaandika gramu 400 kwa gunia. Neno "kubwa" nikalifuta kote.

Muhtasari wa kwanza nilioandika ulikuwa ile ikisiri iliyobadilishwa maneno. `Sitophilus zeamais` akawa fukusi, nikadhani nimemaliza. Jumapili nikampigia Mama nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, sasa mimi nifungue mara ngapi?"

Jibu lilikuwa katika sentensi ya mwisho kabisa, kwa sababu slaidi zinakwenda hivyo: historia, malengo, mbinu, matokeo, halafu hitimisho. Jopo linataka kuona njia uliyopita. Mama anataka kujua ulikofika. Nikaupindua muhtasari wote, jibu likatangulia na njia ikafuata kwa ufupi.

Nikampigia tena. Safari hii alielewa mara moja, akauliza la pili: "Na skania je? Huyu wa kwetu anatoboa hata nailoni."

Hapo nikaishiwa maneno. Skania, yaani dumuzi, sikumjaribu. Nilitumia vyombo vya kioo, na dumuzi hatoboi kioo. Jambo hilo lilikuwapo kwenye slaidi ya 41, herufi ndogo, chini ya kichwa "Mipaka ya utafiti," na jopo halikuliuliza. Lakini kama ningepeleka muhtasari bila sentensi hiyo, Mama angeacha dawa yake, akaamini mifuko, na akikuta matundu ni njaa ya kwake na si ya kwangu.

Mwanzo wa muhtasari niliopeleka unasomeka hivi: "Mahindi yenye fukusi yalikaa salama kwa siku 90 katika vyombo visivyopitisha hewa, hata vilipofunguliwa mara moja kwa wiki. Vilipofunguliwa kila siku, fukusi waliendelea kuzaana. Jaribio lilifanyika maabara, kwa vyombo vya kioo. Halikumhusu dumuzi, ambaye anaweza kutoboa mfuko wa plastiki."

Maneno 286 kwa jumla, na ikisiri 247. Wafadhili wameshajibu kuwa wamepokea. Mama naye amesema mwaka huu atachota mahindi ya wiki nzima kwa mpigo na kuyaweka kwenye ndoo, mfuko aufunge, na kila akiufungua aukague kama una matundu. Hilo la kukagua mimi sikuliandika. Amelitoa kichwani kwake.

Tiketi ikipatikana nitawaambia. Wasalimieni wote.