Koo Baada ya Moshi

Mwezi Julai 2016 Serikali ilipopiga marufuku shisha nchini, mjadala wetu ulikuwa wa kisheria na kimaadili. Tulibishana kama mkuu wa mkoa anaweza kufunga biashara kwa tamko, na kama vijana wanaharibikiwa. Kenya na Rwanda zilifuata mwishoni mwa 2017, na mabishano yakawa yale yale. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza jambo dogo: hawa tunaowaamuru waache, koo zao zitakuwaje wiki ya kwanza baada ya kuacha? Swali hilo lilinijia miaka mingi baadaye, kupitia mkufunzi msaidizi wa idara yetu, kijana niliyemfundisha tangu shahada ya kwanza. Ameniruhusu kuandika habari zake bila kumtaja.

Kijana huyu alivuta shisha mwishoni mwa wiki tangu akiwa mwanafunzi. Marufuku haikumwachisha, ilimhamisha tu kutoka baraza la wazi hadi chumba cha nyuma. Kisha zikaja sigara za kielektroniki, vepu kama wenyewe wanavyoziita, naye akawa na moja mfukoni. Shisha ilikuwa ya Ijumaa na Jumamosi. Vepu ilikuwa ya kila saa. (Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka ambao mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alikuwa bado anabuni kifaa hicho. Mbunge hawezi kulaumiwa kwa kutokijua.)

Malalamiko yake yalikuwa ya kawaida sana kiasi kwamba hakuyaita ugonjwa. Aliamka koo likiwa kavu kama aliyelala mdomo wazi. Alikuwa akijikohoza kila baada ya sentensi tatu nne, ile "ehem" fupi ya mtu anayetaka kusafisha njia. Katika semina ya saa mbili, sauti yake ilianza vizuri na kumalizika kama ya mzee. Kwa mwalimu, hilo si jambo la urembo. Mhula ule alikuwa na makundi manne ya semina, na wanafunzi wa nyuma walikuwa wameanza kulalamika kwamba hawamsikii.

Kuna sababu watu hawa huchelewa kuyashuku mazoea yao. Moshi wa shisha hupita kwenye maji, na maji huupoza. Moshi uliopoa haukwaruzi kama wa sigara, na kwa sababu haukwaruzi, mtu huvuta pumzi ndefu zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kueleza hesabu yake mwaka 2005: sigara moja humalizika kwa mikupuo 8 hadi 12, ilhali kikao kimoja cha shisha kinaweza kufikia mikupuo 50 hadi 200, na kila mmoja ni mkubwa zaidi. Maji yale hayachuji sumu kwa kiwango cha maana. Juu ya chungu kuna mkaa unaowaka, na gesi ya kaboni monoksidi ya mkaa huo hupita kwenye maji bila kizuizi.

Vepu hulifikia koo kwa njia nyingine. Haina moto wala majivu. Kimiminika chake kwa sehemu kubwa ni propilini glaikoli na gliserini, vitu viwili vinavyopenda maji. Mvuke wake unapotua kwenye utando laini wa koo, huvuta unyevu wa utando huo. Ndiyo maana anayeivuta huwa na kiu isiyoisha na mate mazito. Halafu kuna hila ya watengenezaji: nikotini iliyochanganywa na asidi hugeuka chumvi isiyowasha, hivyo kiasi kikubwa hupita bila koo kupiga kelele, na ladha ya mnanaa huleta ubaridi unaofunika muwasho uliobaki. Koo lina kengele yake ya hatari. Bidhaa hizi zimeundwa ili kengele isilie.

Aliacha vyote viwili Jumapili moja, bila kutangaza. Nilijua siku ya tano, aliponijia ofisini akiwa anakohoa kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Dokta," aliniambia, "nilipokuwa navuta sikuwa hivi. Nadhani mwili ulishazoea. Kuacha ndiko kunakoniumiza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa naamini imewarudisha wengi kwenye moshi. Nilimpigia rafiki yangu, daktari wa masikio, pua na koo, na maelezo aliyonipa kwa simu ni kama ifuatavyo.

Njia ya hewa, kutoka puani hadi ndani ya mapafu, imefunikwa kwa sehemu kubwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Juu yao kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu. Vinyweleo hupiga makasia kwa pamoja, vikiusukuma ute huo kwenda juu hadi kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Moshi huvilegeza vinyweleo hivi na, ukiendelea, huviua. Ute hukwama. Mwili, kwa kukosa makasia, hutumia njia iliyobaki ambayo ni kukohoa, hasa asubuhi. Zaidi ya hayo, nikotini na moshi wa kila siku huifanya hisia ya kukohoa yenyewe ififie. Koo huzoea kuudhiwa.

Mtu anapoacha, mambo mawili hutokea karibu kwa wakati mmoja. Vinyweleo huanza kuamka na kuota upya, navyo husukuma juu mzigo wa miezi au miaka. Na hisia ya kukohoa iliyofifia hurejea. Kwa hiyo makohozi ni mengi zaidi na koo linayahisi zaidi. Kikohozi cha siku ya tano ni kazi ya usafi iliyokuwa imesimama. Si kila anayeacha hukipata, lakini anayekipata asidhani kwamba moshi ulikuwa ukimlinda.

Nilimweleza hayo kijana wangu naye akauliza swali la haki: litaisha lini? Daktari alisema kikohozi cha namna hii huisha ndani ya wiki chache kwa wengi, ingawa kwa baadhi huweza kupungua polepole kwa miezi kadhaa. Kaboni monoksidi, kwa upande wake, hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Hamu ya nikotini huwa kali zaidi siku tatu za mwanzo, kisha hupungua kwa wiki kadhaa. Ukavu wa koo uletwao na vepu huanza kupungua mapema, kwa kuwa chanzo chake kimeondolewa na utando hujirutubisha upesi.

Yake yalikwenda takriban hivyo. Wiki ya kwanza alitoa makohozi ya kijivu asubuhi. Wiki ya pili vikamtoka vidonda viwili vidogo mdomoni, jambo ambalo huwapata baadhi ya wanaoacha na huisha lenyewe. Wiki ya tatu makohozi yakawa meupe na machache, na kiu ya usiku ikakoma. Wiki ya nne alisema chai ina ladha ambayo alikuwa ameisahau.

Sauti haikurudi. Wiki ya sita bado ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na bado alikuwa akijikohoza.

Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapoweza kudhuru. Nyumbani kwao walimpa tangawizi kali yenye pilipili, wakamfukiza kwa majani. Tangu mwaka 2020 sisi tumekuwa taifa la nyungu, nami siidharau. Mvuke wa maji matupu hulainisha koo. Lakini mvuke wa moto sana huunguza, na majani makali huwasha utando ambao tayari umechubuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameamua kunong'ona darasani ili kuipumzisha sauti, na pipi za mnanaa hazikumtoka mdomoni. Daktari alivikataza vyote viwili. Mnong'ono wa kulazimisha hukaza zoloto badala ya kulipumzisha, na mnanaa hupoza hisia bila kuponya chochote. Kuhusu ile "ehem", alisema kila moja ni kofi: nyuzi za sauti hupigana, huvimba kidogo, uvimbe huleta hisia ya kitu kilichokwama, na mtu hujikohoza tena. Dawa yake ni kumeza funda la maji kila hamu hiyo inapokuja. Ilimchukua siku kumi kuivunja.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu haiachwi ijiponye. Inatakiwa iangaliwe. Hali kadhalika damu kwenye makohozi, maumivu ya kumeza, maumivu ya sikio moja yasiyo na sababu, uvimbe shingoni, au pumzi inayotoa mlio. Kikohozi cha usafi hupungua wiki hadi wiki; dalili inayosimama palepale au kuongezeka si ya usafi.

Alipitishwa mpira mwembamba wenye kamera puani, uchunguzi wa dakika chache ambao alisema unakera kuliko kuuma. Nyuzi za sauti zilikuwa nyekundu na zimevimba pande zote mbili, bila kidonda wala kiotea. Nyuma ya zoloto kulikuwa na wekundu wa namna nyingine, ambao daktari aliuhusisha na asidi ya tumbo inayopanda. Nikotini hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na kijana huyu alikuwa na desturi ya kula saa nne usiku na kulala saa tano. Alikuwa ameacha moshi, lakini asidi ilikuwa ikiendelea kuchoma mahali palepale. Aliambiwa ale angalau saa tatu kabla ya kulala, ainue kichwa cha kitanda, anywe dawa ya asidi kwa muda aliopangiwa, na apunguze kuzungumza kwa sauti ya juu. Uvimbe wa nyuzi hupungua moshi ukikoma, alielezwa, ingawa uliodumu miaka mingi wakati mwingine huhitaji upasuaji. Wake ulikuwa bado mchanga.

Idara ilimpa kipaza sauti, baada ya barua mbili na mwezi mmoja wa kusubiri. Niliandika barua zote mbili, na katika ya pili nilishawishika kutaja gharama ya kifaa kile dhidi ya gharama ya kumpata mkufunzi mwingine katikati ya mhula. Hoja ya afya haikuwa imemgusa mtu.

Mwezi wa tano alirudi kwa kamera. Uvimbe ulikuwa umepungua sana na wekundu wa nyuma karibu umeisha. Anasema noti za juu alizokuwa akiimba kwaya bado hazifiki, na daktari hakumwahidi kwamba zitafika. Hatari ya saratani ya mdomo, koo na zoloto hushuka polepole zaidi kuliko kikohozi: kwa waliokuwa wavutaji wa sigara, huchukua miaka 5 hadi 10 kufikia nusu. Amepangiwa kurudi tena Januari, na semina zake sasa zina mapumziko ya dakika kumi katikati, ambayo wanafunzi wanadhani ni kwa ajili yao.