"Fika Ukiwa Hai": Hii Ni Dua au Ni Kitisho?

Hebu soma hii kwa sauti: FIKA UKIWA HAI. Sasa fikiria mamako anapanda basi la Mombasa, wewe uko dirishani unampungia mkono, halafu unamwambia hayo maneno matatu. Atakushukuru, ama atashuka?

Mimi nimeyaona yamechapwa migongoni mwa reflekta 24 pale steji ya bodaboda Gongoni. Shirika moja lilizileta bure, zenyewe nzuri, kitambaa kizito, zinang'aa usiku. Tatizo ni mgongo. Wiki ya kwanza vijana walizivaa. Wiki ya pili wengi walikuwa wamezigeuza, maandishi yako ndani. Ukimuuliza mtu kwa nini, anacheka tu: "Sasa bro, mimi nitembee nimeandikwa kifo?"

Na hapa kwetu kifo cha barabarani si habari ya televisheni. Ukivuka Mto Sabaki kutoka Malindi kuja huku, barabara ya kwenda Garsen inapita katikati ya mji. Malori ya chumvi, mabasi ya Lamu, matatu, mbuzi, watoto wa shule na sisi, wote tunagawana lami hiyo moja. Reflekta ikivaliwa nje-ndani haing'ai. Kwa hivyo tafsiri mbaya hapa si suala la mwalimu wa Kiswahili kukunja uso. Ni mtu kutoonekana saa mbili usiku.

Chanzo chake ni kaulimbiu ya Kiingereza, "Arrive Alive". Inatumika nchi nyingi na si mbaya hata kidogo. Maneno mawili tu, yote yanaanza na sauti ileile, ukilisema moja ulimi ushaenda kwa la pili. Sasa mtu kaichukua, kaweka neno la Kiswahili juu ya kila neno la Kiingereza kama anayepanga vigae, na hakuna kosa hata moja la sarufi. Ndo maana watu hushindwa kueleza kwa nini haikai sawa. Kila kitu kiko sahihi, na bado masikio yanakataa.

Mimi naona kosa liko kwenye hiyo "ukiwa". Mtu akikwambia "njoo ukiwa na nafasi", unaelewa nini? Unaelewa: kama una nafasi, njoo, kama huna, basi. Ile -ki- inaweza kubeba maana ya "huku" na inaweza kubeba maana ya "kama". Kwa hivyo "fika ukiwa hai" sikio la mtu wa kawaida linaipokea hivi: kama utakuwa hai, fika. Yaani kuna uwezekano, babangu, tutaona.

Halafu "hai" yenyewe. Sisi tukiulizana hali tunasema "mzima?" Tukiagana tunasema "ufike salama". Neno "hai" tunalisikia sanasana kwenye taarifa ya habari, wavuvi wamepatikana wakiwa hai baada ya siku tatu baharini. Ni neno la aliyeponea chupuchupu. Ukimwambia mtu afike hai ushamweka tayari ndani ya ajali, ulichomwachia ni kutoka tu.

Ugonjwa huu hauko Gongoni peke yake. Tanzania kuna kampeni ya malaria inayoitwa "Ziro Malaria Inaanza na Mimi", nayo imetoka kwenye Kiingereza neno kwa neno. Kwa kijana aliyetoka shule, ziro ni matokeo ya mtihani. Na kitu kikisemwa "kinaanza na mimi", ninavyosikia mimi ni kwamba ndiye wa kwanza kuvamiwa. Sasa linganisha na ile ya Zinduka, ya mwaka 2010: "Malaria Haikubaliki". Kitenzi kimoja. Huhitaji kuelezwa, na hata mtoto anaweza kumrudishia mzazi wake: mama, hili haikubaliki. Hiyo haionekani kama ilitafsiriwa, inaonekana kama ilizaliwa.

Haya, turudi steji. Wale wa shirika walisikia malalamiko (angalau hapo niwape sifa) wakasema watatoa reflekta nyingine 24 mgongo mtupu, steji iamue maneno. Mzee wa steji akaniita. "Mwanangu, wewe si unaandika maneno huko kwa simu? Tuandikie basi."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuacha huo Kiingereza. Niliuliza swali lingine: haya maneno yanasomwa na nani? Dereva wa lori aliye nyuma hasomi, kwake yeye mng'ao unatosha. Anayesoma ni abiria. Amekaa nyuma, mgongo wa dereva uko mbele ya pua yake kutoka Gongoni mpaka Marereni, hana kingine cha kusoma. Na abiria ndiye mtu pekee anayeweza kumgonga dereva bega amwambie apunguze. Kumbe "Fika" ilikuwa inamwamrisha mtu ambaye hata hashiki usukani!

Swali la pili: Kiingereza kilikuwa kinasema nini hasa? Si "usife". Kinasema kwamba lengo la safari ni kufika, na mbio zako zinaweza kukunyima hilo. Ukiliweka hivyo, Kiswahili tayari kinalo jibu, na kila mtu pwani amelisikia:

Kutangulia si kufika.

Nilipolisema pale steji hakuna aliyeuliza maana. Lakini hebu lifungue uone ndani. Kiingereza kilifunga maneno mawili kwa sauti ya mwanzo. Hapa kuna ku- na ku-, kila upande umeanza sawa. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo unasikia "kutanguLIa" na "kuFIka", i halafu a, i halafu a, kama vina vya shairi. Katikati kuna "si" imekaa kama bawaba ya mlango. (Fundi wa kuchapa alitaka kuandika "sio". Nikamwambia aache. Hiyo silabi moja ya ziada inalegeza bawaba.) Ile "Fika ukiwa hai" haina mahali pa kupumzikia. Ina silabi saba zilizofuatana tu, halafu "fika" na "ukiwa" zinagongana a na u mdomoni.

Na kuna kitu kikubwa zaidi. Mtu akifa, sisi tunasema nini? Ametangulia. Ametutangulia mbele ya haki. Kwa hivyo kijana anayewapita wenzake kwenye kona anatangulia, na anaweza kutangulia kwelikweli. Kile kifo ambacho tafsiri ilikitaja kwa jina mpaka watu wakaona haya kukivaa, methali imekibeba ndani ya kitenzi bila kukitaja. Maana yote ya "Alive" imo mle, na neno "hai" halipo.

Sikutaka kujiamini tu, kwa hivyo nilijaribu. Nilimwendea mama anayeuza viazi karai, kinyozi, na wasichana wawili waliokuwa wanangoja matatu. Sikuwaonyesha Kiingereza. Niliwasomea mara moja nikauliza: hapa tunaambiwa nini? Ukitaka kujua kama tafsiri imefika, mwache mtu aseme kwa maneno yake mwenyewe. Ukimuuliza "umeelewa?" atakwambia ndiyo, si ni adabu. Wote wanne walinieleza mambo ya mbio na ajali. Jioni nikarudi kwa mama na kinyozi kuuliza kama wanaikumbuka. Mama alikuwa ashamwambia mteja aliyeruka foleni.

Hapo nilidhani kazi imeisha. Tukakutana steji, nikaisoma mbele ya wote, wakapiga makofi. Jamaa mmoja hakupiga. Alingoja kelele zipungue akasema, "Mimi ndugu yangu ametangulia mwaka jana, barabara hii hii. Hiyo sitaivaa."

Wengine walianza kumwambia kwamba ndo maana hasa inafaa. Mimi sikukubaliana nao, na bado sikubaliani. Maneno yenye maana mbili hayakupi nafasi ya kuchagua ipi isikike kwa nani. Kwa wengine ile maana ya pili ni kivuli, kwake yeye ndiyo ya kwanza. Na mgongo ni wake.

Nikamuuliza yeye angependa abiria asome nini. Akafikiria, akasema wateja wake wakiogopa hawasemi "punguza mwendo". Wanasema, "twende pole bwana, tufike." Mara ngapi kwa siku? Akacheka. Mara nyingi.

TWENDE POLE, TUFIKE. Nne na tatu, kila neno linaishia na e, mwanzo na mwisho zinaanza na t. Na tofauti na ile methali, hii iko kwa "sisi". Abiria akiisoma kwa sauti anakuwa ashamwambia dereva, bila hata kujua. Ile -e ya mwisho haiamrishi, inaomba, kama vile "ufike salama" inavyoomba. Imepoteza kitu, lazima niseme: ule uzito wa kifo umeondoka, na mtu mwenye haraka anaweza kuipita bila kushtuka. Kutangulia inakusimamisha, hii inakubembeleza. Steji haikutaka kuchagua moja, kwa hivyo tulichapa 16 za kwanza na nane za pili, kila mtu akachukua yake. Maandishi yako mistari miwili, herufi kubwa, manake mstari mmoja mrefu unaishia kwapani na hakuna anayeusoma.

Ni miezi miwili sasa. Nazihesabu nikipita jioni, na sijaona iliyogeuzwa. Ajali kama zimepungua siwezi kukwambia, reflekta 24 haziwezi kuthibitisha hilo.

Wiki iliyopita wale wa shirika waliniandikia. Wanafanya ripoti kwa wafadhili, wanaomba nitafsiri "Kutangulia si kufika" kwa Kiingereza, maana iwe fupi na iwe na mvuto. Nilikaa nayo usiku mzima. Kila nikijaribu, yule aliyetangulia anabaki amekimbia tu, hafi. Asubuhi nikawajibu: andikeni "Arrive Alive".