Unalipa milioni kumi, deni linapungua moja

Jana usiku dada yangu kanitumia picha ya skrini kwenye simu, na chini yake maneno matatu tu: "Hawa ni wezi."

Ni picha ya kikokotoo cha mkopo. Yeye na shemeji wanataka kununua nyumba Kigamboni, na benki iko tayari kuwakopesha shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, walipe kwa miaka 15. Rejesho ni 881,220 kila mwezi. Kilichomshtua ni mstari wa kwanza wa jedwali: riba 800,000, deni lenyewe 81,220.

"Mdogo wangu, wewe mwandishi wa habari, andika hii!" akaniambia nilipompigia. Nikamwomba tuchukue kalamu kwanza.

Asilimia 16 kwa mwaka ukiigawa kwa miezi 12 ni sawa kabisa na sehemu moja ya 75. Kwa hiyo riba ya mwezi wowote ni deni lililobaki, gawanya kwa 75. Milioni 60 gawanya kwa 75 ni 800,000. Kinachobaki kwenye rejesho, 81,220, ndicho kinachopunguza deni. Mwezi wa pili deni ni 59,918,780. Gawanya kwa 75, unapata riba ya 798,917. Tulikagua mistari mitano, yote ikakubali. Hakuna mtu aliyepanga riba itangulie. Mwanzoni riba ni kubwa kwa sababu deni bado ni kubwa, basi.

"Sawa, si wizi," akasema. "Lakini mbona inauma?"

Inauma kweli. Baada ya mwaka mmoja atakuwa ametoa zaidi ya milioni 10 na nusu, na deni litakuwa limepungua kwa milioni moja na kidogo. Baada ya miaka mitano atakuwa ametoa karibu milioni 53, na bado atadaiwa milioni 52.6. Akitaka kuuza nyumba wakati huo, hiyo ndiyo hela ya kuirudishia benki kwanza. Mstari ambao deni linaanza kula sehemu kubwa kuliko riba ni wa mwezi wa 129, yaani mwaka wa 11!

Hapo ndipo tulipoona jambo lenyewe. Kinachoua deni ni ile ziada inayobaki baada ya riba ya mwezi kutoka, na kwa dada ziada hiyo ni 81,220 tu. Ukiiongeza kidogo, mambo yanabadilika sana. Nikamwambia aweke miaka 10 badala ya 15. Rejesho likapanda hadi 1,005,079, yaani karibu 124,000 zaidi kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni ile ile 800,000, lakini ziada sasa ni 205,079, mara mbili na nusu. Kwa miaka 15 angelipa jumla milioni 158.6. Kwa miaka 10 ni milioni 120.6. Tofauti ni milioni 38.

Dada akanyamaza. Halafu akaniuliza kama wangeiweza hiyo 124,000 kila mwezi, ada ya watoto ikija Januari. Sikuwa na jibu, hiyo ni hesabu ya nyumbani kwake.

Kuna njia ya katikati: achukue ya miaka 15, aongeze anapopata. Tuseme mwezi wa kwanza, pamoja na rejesho, analipa 82,303, ambayo ndiyo sehemu ya deni kwenye mstari wa pili. Mstari huo unafutika, na riba yake ya 798,917 hailipwi tena. Akifanya hivyo mwishoni mwa mkopo haisaidii kitu, maana riba ya mwezi wa mwisho ni kama 11,600 tu.

Lakini kuna mtego. Benki inaweza kuipokea hela hiyo kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na deni lisiguswe. Utajua kwenye taarifa ya mwezi unaofuata: riba ikiwa 797,820, hela imeingia kwenye deni. Ikibaki 798,917, haijaingia. Mikataba mingine pia ina ada ya kulipa kabla ya wakati, na mingine inaruhusu riba kubadilishwa katikati, jambo ambalo kikokotoo hakilijui.

Kwa hiyo Jumatatu dada haendi kusaini. Anaenda na maswali matatu kwenye karatasi: ziada inaingia wapi, kuna ada gani, na riba inaweza kupanda? Akishajibiwa kwa maandishi, ndipo yeye na shemeji watachagua kati ya 10 na 15.

Na mimi nimefungua jedwali la mkopo wangu wa pikipiki. Sikuwahi kulisoma.